Chai ya Kijani na Chai Nyeusi

Katika maduka ya Sumbawanga chai hupangwa rafuni kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni chai nyeusi, ambayo kila nyumba ya Ufipa huijua tangu asubuhi hata usiku. Namna ya pili ni chai ya kijani, ambayo ni mgeni wa siku za karibuni, na kama wageni wengi imekuja na sifa kubwa na bei kubwa. Watu hawakosi kuulizana juu ya mgeni huyu. Wengine husema kuwa ni mti mwingine kabisa, unaoota Uchina tu. Wengine husema kuwa ni mti ule ule, ila majani yake yamechumwa kabla ya kukomaa. Wako pia wasemao kuwa chai nyeusi imetiwa rangi kiwandani, na kwamba ya kijani ndiyo chai ya asili ambayo haikuguswa na mtu. Katika maneno haya matatu, moja lina nusu ya kweli, na mawili hayana kweli yoyote.

Swali hili si la kupitisha wakati tu, maana fedha hutoka mfukoni kwa ajili yake, na hata heshima ya mtu huweza kuingia mashakani. Yalitokea hayo kati ya mwenye duka mmoja na mama mmoja mtu mzima, mteja wake wa miaka mingi. Mama alinunua pakiti ya chai ya kijani kwa ajili ya mumewe. Akaichemsha kama alivyozoea kuchemsha chai yote, majani, maziwa na sukari pamoja, mpaka ikafura sufuriani. Mzee alionja akaweka kikombe chini. Kesho yake mama alirudi dukani na pakiti mkononi.

“Mwanangu,” alisema, “mimi ni mteja wako tangu siku za marehemu baba yako. Mbona leo umeniuzia majani yaliyooza? Chai chungu, rangi kama maji ya tope!”

“Shikamoo, mama,” alijibu mwenye duka. “Hayakuoza. Ndivyo yalivyo, huu ni mti wa namna nyingine, wenye uchungu kama dawa.”

Mwenye duka alijibu kwa adabu, lakini hakujibu kwa ukweli. Majani hayakuoza, hilo ni sawa. Ila mti haukuwa wa namna nyingine. Laiti angalijua tofauti ilipo, angaliokoa pakiti ile na pia imani ya mama yule.

Ukweli ni kwamba chai ya kijani na chai nyeusi hutokana na mmea mmoja. Jina lake la Kilatini maana yake ni kamelia ya Uchina. Ukiachwa huru huwa mti mrefu, lakini shambani hupogolewa daima ubaki kichaka kifikacho kiunoni, ili mchumaji aufikie kwa mikono. Kosa la kudhani kuwa ni miti miwili si la watu wa Sumbawanga peke yao. Hata mabingwa walilifanya. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea ya dunia majina, aliandika chai kuwa mmea mmoja mwaka 1753. Mwaka 1762 akaigawa kuwa miwili, mmoja wenye maua ya petali sita ambao ulihesabiwa kuwa wa chai nyeusi, na mwingine wenye maua ya petali tisa ambao ulihesabiwa kuwa wa chai ya kijani. Wazungu walikuwa wakinywa chai ya Wachina kwa muda mrefu bila ya kuruhusiwa kufika mahali ilipotengenezwa, kwa hiyo walihukumu mti kwa kutazama pakiti. Katika miaka ya 1840 mkulima wa bustani wa Kiskoti, Robert Fortune, aliingia ndani ya Uchina, akaona kwa macho yake kuwa kichaka kimoja huweza kutoa chai zote mbili. Aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1847. Tangu hapo ilikuwa dhahiri kuwa tofauti haiko katika mti, bali katika mikono ya mtengenezaji.

Ufipa ni nchi ya mahindi, maharage, ulezi na ng'ombe, na sifa yake haiko katika chai. Chai ya Tanzania hutoka katika nyanda za Rungwe, Njombe na Mufindi, katika milima ya Usambara, na katika nchi ya Kagera. Wajerumani waliupanda mmea huu Amani mwaka 1902 na Kyimbila, katika Rungwe, mwaka 1904. Na kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926. Rungwe ndiko karibu zaidi na Sumbawanga: mzigo hutoka Tukuyu, hupanda Mbeya, hupita Tunduma, kisha huelekea kaskazini kwa barabara ya Ufipa. Basi mtu atakaye kujua tofauti ya pakiti mbili za rafuni, heri alifuate jani tangu shambani.

Mchumaji huchuma ncha tu ya tawi: kichomozo kimoja ambacho hakijafunguka, pamoja na majani mawili yaliyo chini yake. Kwa chai nzuri ya kijani na kwa chai nzuri nyeusi ncha hii ni ile ile. Hapo huanguka dai la kwamba ya kijani ni majani machanga na nyeusi ni makuukuu, kwa kuwa jani kuukuu huharibu zote mbili.

Ndani ya jani hilo bichi mna vitu viwili vinavyokaa nyumba moja bila ya kukutana. Kitu cha kwanza ni katekini, ambazo hazina rangi, na ambazo huupa ulimi ule ukakasi wa chai. Huweza kuwa robo nzima ya uzito wa jani likisha kaushwa. Hizi zimefungiwa katika vifuko vidogo ndani ya kila seli. Kitu cha pili ni kimeng'enya, nacho hukaa nje ya vifuko hivyo. Kimeng'enya ni mfanyakazi wa jani: hugeuza kitu kimoja kuwa kingine, wala chenyewe hakiishi. Maadamu jani ni zima, ukuta wa kifuko huvitenga viwili hivi. Jani likipondwa, kuta hupasuka. Katekini, kimeng'enya na hewa hukutana. Na oksijeni ya hewa hushikamana na katekini kwa kazi ya kimeng'enya. Hapo huzaliwa rangi mpya, kwanza ya manjano yenye mng'ao, kisha nyekundu ya kahawia. Kila mpishi wa Ufipa ameona jambo la ukoo huu. Kiazi mviringo kilichomenywa na kukatwa huanza kuwa cheusi kikiachwa mezani. Lakini kiazi kilichochemshwa kwanza, kisha kikakatwa, hubaki na weupe wake. Moto umemwua mfanyakazi kabla ya kazi kuanza.

Katika mfano huu wa kiazi mmekwisha kuwamo siri yote. Chai nyeusi ni jani lililopondwa kwanza, likaachwa lifanye kazi, kisha likapigwa moto. Chai ya kijani ni jani lililopigwa moto kwanza, kisha likasokotwa. Vitendo ni karibu vile vile. Kinachobadilika ni utaratibu wa kutangulia na kufuata.

Tuseme kilo 100 za majani mabichi zimefikishwa kiwandani katika Rungwe jioni. Katika kilo hizo maji ni kama kilo 77, na jani lenyewe, yaani sehemu iliyo kavu, ni kama kilo 23. Majani hutandazwa juu ya vichanja virefu vya wavu, na upepo hupulizwa kutoka chini usiku kucha, ili yanyauke. Asubuhi yamekuwa laini kama kitambaa, hukunjwa yasivunjike, na maji yamepungua hata kuwa sehemu 70 katika 100. Sehemu kavu haikupungua kitu. Bado ni kilo 23, ambazo sasa ni sehemu 30 tu katika 100 za mzigo. Kwa hiyo mzigo wote ni kilo 77 hivi. Kilo 23 zimekwenda na upepo.

Baada ya kunyauka majani hupita katikati ya magurudumu yenye meno. Mashine hiyo ilianza kutumika Assam, katika Uhindi, miaka ya 1930, na kazi yake ni kuponda, kuchana na kukunja kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo kuta zote hupasuka. Hutoka ungaunga wa kijani, wenye umajimaji, ambao hutandazwa mahali penye ubaridi na hewa nyingi. Kwa muda wa saa moja au moja na nusu hivi rangi hugeuka mbele ya macho: kijani huwa manjano, manjano huwa shaba. Harufu nayo hubadilika, kutoka ile ya nyasi mbichi hata ile ya matunda yaliyoiva. Msimamizi mwenye pua nzuri hungoja harufu hiyo ifike kileleni, kisha hupeleka mzigo kwenye kikaushio chenye hewa ya moto ipitayo digrii 100. Moto huua kimeng'enya, hukausha maji mpaka zikabaki kama sehemu 3 katika 100, na huifanya shaba kuwa nyeusi. Katika kilo 100 za jioni hutoka kilo 23 au 24 za chai.

Chai ya kijani hushika njia fupi zaidi. Jani hupelekwa motoni likiwa bado bichi, au limenyauka kidogo tu. Wajapani hulipitisha katika mvuke kwa muda wa dakika moja hivi. Wachina hulikaanga kavu katika karai la moto mkali, huku likigeuzwa upesi lisiungue. Baada ya hapo kimeng'enya kimekwisha kufa, na jani huweza kusokotwa na kukunjwa kama mtengenezaji apendavyo, wala halitageuka kuwa shaba. Mwishoni hukaushwa kama lile jeusi. Uzito utokao ni karibu ule ule, kwa kuwa katika njia zote mbili kilichoondoka ni maji. Ni kosa basi kusema kuwa chai ya kijani haikuguswa na mtu: imeguswa mapema kuliko nyeusi. Jani bichi likianikwa tu bila ya kupigwa moto, halikai kijani, bali hujigeuza kahawia polepole lenyewe. Ukijani huo umehifadhiwa kwa kazi.

Desturi ya viwandani ni kuuita ule muda wa kugeuka shaba kuchachuka. Neno hili hupoteza watu, maana hudhaniwa kuwa chai huchacha kama togwa au maziwa. Togwa huchacha kwa vijidudu vidogo vinavyokula sukari, ilhali ndani ya chai nyeusi havimo vijidudu vinavyofanya kazi hiyo. Kinachofanya ni kimeng'enya cha jani lenyewe pamoja na hewa. Mfano ulio karibu zaidi ni kimea cha ulezi, ambacho wanawake wa Ufipa hukitumia katika pombe. Kimea kikitiwa katika uji uliopoa kiasi, huulainisha na kuutia utamu. Kikitiwa katika uji unaochemka, hushindwa. Kimea nacho kina vimeng'enya, na moto huviua. Anayekijua kimea amekwisha kuijua nusu ya kazi ya chai.

Makosa ya njia hizi mbili huonekana kwa jicho. Jani lililojazwa kwa nguvu katika gunia na kukaa juani huanza kupata joto na kupondeka kabla ya kufika kiwandani. Jani hilo lina mabaka mekundu, na halifai tena kuwa chai ya kijani, kwa sababu mlango umefunguliwa kabla ya moto. Kama mvuke haukutosha, shina la ndani ya jani hubaki na kimeng'enya hai, na majani yaliyokwisha pikwa huonyesha kingo na vikonyo vyekundu. Kwa chai nyeusi kosa huwa katika muda. Ikikatizwa mapema, majani yaliyobaki katika chujio huwa na ukijani, na chai huwa kali na yenye ladha ya nyasi. Ikicheleweshwa, zile rangi za manjano zenye mng'ao hugeuka kahawia nzito. Kikombe huwa cheusi sana, lakini kimefifia, hakina uchangamfu ulimini. Wingi wa rangi basi si ushahidi wa ubora. Chai nyeusi njema huacha katika chujio majani ya rangi ya shaba mpya.

Ifahamike pia kuwa njia hizi hazina kurudi. Chai nyeusi haiwezi kufanywa ya kijani, kwa kuwa katekini zake nyingi zimekwisha geuka. Chai ya kijani nayo haiwezi kufanywa nyeusi, kwa kuwa mfanyakazi amekufa. Hugeuka kahawia ikikaa muda mrefu mahali penye mwanga na unyevu, lakini huko ni kuchakaa. Hata kikombe cha chai ya kijani kilichoachwa tangu asubuhi hata jioni hugeuka rangi, maana hewa huweza kuzigeuza katekini polepole bila ya msaada. Mnunuzi akiona hivyo asidhani kuwa ameuziwa chai bandia.

Kusema kuwa mmea ni mmoja si kusema kuwa vichaka vyote ni sawa. Ziko mbegu mbili kubwa: ya Uchina, yenye majani madogo, inayostahimili baridi, na ya Assam, yenye majani makubwa, ambayo damu yake imeenea sana katika mashamba ya Afrika Mashariki. Jani la Assam aghalabu lina katekini nyingi zaidi. Kwa chai nyeusi huo ni utajiri, maana hutoa rangi na nguvu. Kwa chai ya kijani huweza kuwa ukakasi mwingi. Ndiyo sababu moja ya viwanda vyetu kuelekea zaidi kwenye chai nyeusi, ingawa mashamba machache, kama la Luponde katika Njombe, yametengeneza ya kijani pia. Tofauti ya mbegu hizi ni kama ya mahindi meupe na ya manjano: mkulima huchagua, lakini yote ni mahindi.

Sasa na tuitazame sufuria ya mama yule. Ukakasi wa katekini huongezeka kadiri maji yanavyokuwa moto na kadiri majani yanavyokaa ndani. Katika chai nyeusi sehemu kubwa ya katekini imekwisha geuka, kwa hiyo huvumilia kuchemshwa, na protini ya maziwa hushikamana na ukali uliobaki na kuupunguza. Chai ya kijani bado inazo zote. Ikichemshwa dakika kumi, hutoa uchungu ambao maziwa hayawezi kuumaliza, na ukijani wake ukichanganyika na weupe wa maziwa hutoa rangi ile ya tope. Dawa yake ni maji ya digrii 75 au 80, na dakika mbili au tatu tu. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hapo maji huchemka yakifika digrii 94 hivi, si 100 kama pwani. Hata hivyo digrii 94 bado ni nyingi kwa chai ya kijani. Inafaa birika iepuliwe, ifunuliwe kwa dakika kadhaa, ndipo maji yamiminwe juu ya majani. Kwa chai nyeusi shauri ni kinyume chake: maji ya Ufipa yana upungufu wa joto, kwa hiyo desturi ya kuichemsha motoni, au kuiacha itulie kwa muda zaidi, ni desturi yenye sababu.

Liko pia neno la dawa, ambalo ndilo hupandisha bei. Kafeini, ile inayofukuza usingizi, haiondolewi na kule kugeuka shaba. Imo katika zote mbili. Asiyelala kwa sababu ya chai nyeusi asiitegemee ya kijani kuwa kimbilio. Kadhalika zote mbili, zikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili usipate madini ya chuma ya kutosha kutoka katika maharage na mboga. Mama mwenye mimba na mtu aliyepungukiwa damu hufaidi kuiacha chai mbali na mlo, iwe ya rangi gani. Mchaichai, ambao Waswahili wameupa jina lenye chai ndani yake, ni mmea mwingine kabisa, wa jamaa ya nyasi, wala hauna kafeini. Ukijani wake usiuchanganye na huu.

Lugha yetu ilikaribia kuiona kweli hii zamani. Baadhi ya watu wa pwani huiita chai isiyo maziwa chai ya mkandaa, kwa jina la mti wa mikoko ambao gome lake hutoa maji mekundu yenye ukakasi, na wachuna ngozi huyatumia kulainisha ngozi. Aliyetunga jina hilo hakuwa na habari ya katekini, lakini macho yake na ulimi wake vilimwonyesha udugu wa mambo mawili, wekundu na ukakasi. Tena sote husema majani ya chai, hata tunapoteka ungaunga mweusi ambao hauna sura ya jani. Jina limehifadhi kile ambacho mashine imekifuta: kwamba mle ndani ya pakiti zote mbili mlikuwa na jani moja, na kwamba lililoamua rangi yake ni saa ya kukutana na moto.